Logi Tatu za Kukariri: Kuhakiki pH ya Damu bila Kikokotoo

Logi ya namba katika kizio cha kumi ni kipeo kinachoifanya 10 kuwa namba hiyo. Logi ya 100 ni 2, kwa kuwa 10 ikizidishwa kwa 10 huwa 100. Kwa sababu vipeo hujumlishwa pale namba zinapozidishana, na hutolewa pale zinapogawanywa, anayekariri logi tatu tu huweza kupata nyingine nyingi: logi ya 2 ni 0.301, ya 3 ni 0.477, na ya 7 ni 0.845. Logi ya 5 haihitaji kukaririwa: 5 ni 10 gawanya kwa 2, hivyo logi yake ni 1 toa 0.301, yaani 0.699.

Wodini hesabu hii hutumika katika kanuni ya pH ya damu:

pH = 6.1 + log(HCO3 ÷ (0.03 × pCO2))

Bikaboneti huandikwa kwa milimoli kwa lita, na shinikizo la kaboni dioksidi kwa milimita za zebaki.

Chukuliwe mfano wa mgonjwa wa kisukari ambaye kadi yake inaonyesha bikaboneti 9, shinikizo la kaboni dioksidi 20, na pH 7.08. Kwanza, 0.03 mara 20 ni 0.6. Kisha 9 gawanya kwa 0.6 ni 15. Namba 15 ni 3 mara 5, hivyo logi yake ni 0.477 kujumlisha 0.699, yaani 1.176. Ikijumlishwa na 6.1, pH huwa takriban 7.28. Tofauti na 7.08 ni kubwa mno: mojawapo ya namba tatu imenakiliwa vibaya. Hesabu haisemi ni ipi. Ni lazima kurejea karatasi ya mashine kabla ya kuamua ukali wa hali ya mgonjwa.

Uwiano ukiwa 13, ambayo haigawanyiki kwa 2, 3, 5 wala 7, hutumika majirani wake. Logi ya 12 ni 1.079 na ya 14 ni 1.146, wastani wake ni takriban 1.113, ilhali logi halisi ni 1.114. Wastani wa namna hii hupungua kidogo daima, lakini pH huandikwa kwa desimali mbili, hivyo kasoro hiyo haidhuru.

Njia hii ina mpaka wake. Mashine nyingi za gesi za damu hupima pH na kaboni dioksidi, kisha hukokotoa bikaboneti kwa kanuni hiyo hiyo. Kwa hiyo namba zikiafikiana, kinachothibitika ni kwamba zilinakiliwa sawasawa. Sampuli iliyoingiwa na hewa bado inaweza kutoa namba zinazoafikiana kikamilifu.