Ujumbe Upi Uliofunga Biashara?

Ugomvi mwingi wa wafanyabiashara wa Mbale unaoishia mbele ya hakimu hauhusu bidhaa mbovu. Unahusu swali moja: tulikuwa tumekubaliana, au tulikuwa bado tunazungumza? Siku hizi jibu limo ndani ya simu, katika jumbe tano au sita zilizotumwa kwa haraka kati ya muuzaji na mnunuzi. Anayejua kuzisoma kama hakimu anavyozisoma huweza kusema ni ujumbe upi uliozaa mkataba na ni upi uliouua.

Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inasema kwamba mkataba ni makubaliano ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, waliokubali kwa hiari, kwa malipo halali na kwa lengo halali, wakiwa na nia ya kufungwa kisheria. Sheria ya Tanzania ya 1961 ina maneno yanayokaribiana sana na hayo, kwa sababu zote mbili zimefuata nyayo za sheria ya Uhindi ya 1872. Uganda imeongeza maneno hayo ya mwisho kuhusu nia, na yana uzito wake, kama tutakavyoona. Makubaliano yenyewe huundwa na vitu viwili: ofa na kuikubali. Kwa hiyo tunatafuta vitu vinne: ofa, kukubali, malipo na nia.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara ana stoo ya nafaka Mbale, karibu na mto Nabuyonga. Mteja wake ni mama wa Jinja anayepelekea shule maharage. Jumatatu asubuhi muuzaji anaweka picha kwenye hali yake ya WhatsApp: "Maharage mapya yameingia, 3,600 kwa kilo." Mama anaiona, anaandika: "Nahitaji gunia 20." Muuzaji anajibu: "Mama, gunia 20 za kilo mia mia zipo, 3,600 kwa kilo, unachukulia hapa stoo. Nakushikia mpaka Alhamisi jioni." Saa nane mchana mama anaandika: "Kwa 3,400 nachukua zote." Muuzaji hajibu. Jumanne asubuhi gari linatokea Soroti, na maharage yote yanauzwa kwa mtu mwingine. Saa sita mama anaandika: "Haya basi, nachukua kwa 3,600 yako." Anaambiwa mzigo umekwisha. Analazimika kununua kwingine kwa 3,900. Kwa kilo 2,000, hiyo ni hasara ya shilingi 600,000, naye anataka kumshtaki muuzaji. Je, ana kesi?

Tuanze na ile picha. Haikuwa ofa. Imeonekana na kila mwenye namba ya muuzaji. Kama ingekuwa ofa, watu hamsini wangejibu "nachukua" na muuzaji angejikuta amefungwa na mikataba hamsini kwa mzigo mmoja. Mahakama huona tangazo la namna hiyo kuwa ni mwaliko wa kuja kuzungumza. Tangazo hugeuka ofa kwa watu wote pale tu maneno yake yanapoonyesha wazi kwamba mwenye nalo yuko tayari kufungwa na yeyote atakayetimiza sharti. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1893 katika kesi ya Carlill huko Uingereza. Kampuni iliahidi pauni 100 kwa atakayetumia dawa yake ya kuvuta puani kama ilivyoelekezwa na bado akashikwa na mafua, na ikatangaza kwamba imeweka pauni 1,000 benki kuthibitisha kwamba haitanii. Mama mmoja aliitumia, akaugua, akalipwa.

Ujumbe wa mama, "Nahitaji gunia 20," nao bado si ofa, kwa kuwa hauna bei wala mahali pa kupokelea. Ofa ni jibu la muuzaji: lina kiasi, bei, mahali na muda, na limeelekezwa kwa mtu mmoja. Kama mama angejibu "Nimekubali" wakati ule, mkataba ungekuwa umefungwa papo hapo.

Hakujibu hivyo. Alisema 3,400. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa kuwa sokoni kushusha bei ni sehemu ya salamu, na mtu hudhani bei ya kwanza inamsubiri akirudi. Kisheria, kukubali lazima kuwe kamili, bila kuongeza wala kupunguza. Anayetaja bei nyingine ameikataa ofa ya kwanza na kuweka ya kwake mahali pake. Kesi maarufu ni ya Hyde na Wrench ya 1840. Tarehe 6 Juni Wrench alitaka kuuza shamba kwa pauni 1,000. Tarehe 8 Hyde akasema 950. Tarehe 27 Wrench akakataa. Tarehe 29 Hyde akaandika kwamba sasa yuko tayari kwa 1,000. Mahakama ilisema hakuna mkataba: ofa ya 1,000 ilikufa siku Hyde alipotaja 950, na hakuweza kuifufua peke yake. Mama wa Jinja amesimama pale pale aliposimama Hyde. Ujumbe wake wa Jumanne ulikuwa ofa mpya, ambayo muuzaji alikuwa huru kuikataa. Na ukimya wa muuzaji siku ya Jumatatu haukumaanisha amekubali 3,400 pia. Kwa kawaida kunyamaza si kukubali.

Ile ahadi ya "mpaka Alhamisi" je? Haimsaidii. Hata kama asingetaja 3,400, muuzaji angeweza kuiondoa ofa wakati wowote kabla haijakubaliwa, maana mama hakulipa chochote ili ashikiwe mzigo. Angetuma hata shilingi 50,000 kwa makubaliano kwamba ni malipo ya kushikiwa mpaka Alhamisi, ahadi hiyo ingekuwa mkataba mdogo unaojitegemea. Hicho ndicho kipimo cha malipo: kila upande utoe kitu, au uahidi kutoa kitu, chenye thamani machoni pa sheria. Si lazima kiwe fedha taslimu, wala si lazima kilingane na kile cha upande wa pili.

Sasa tubadilishe neno moja. Tuseme Jumatatu mama aliandika: "Kaka, huwezi kunipunguzia kidogo?" Hilo ni swali. Halijakataa wala kuweka bei nyingine, na mwaka 1880, katika kesi ya Stevenson na McLean kuhusu biashara ya chuma, mahakama ilikubali kwamba anayeuliza tu hajaiua ofa. Ofa ya 3,600 ingekuwa hai Jumanne saa sita. Muuzaji asingeweza kusema ameiondoa kwa sababu ameuza kwa mwingine: kuondoa ofa hutimia pale mwenye kupewa anapojua. Mama akiandika "nachukua" bila kujua, mkataba umefungwa, na ile 600,000 ni hasara anayoweza kuidai. Tofauti ya kushinda na kushindwa ni sentensi moja ya Jumatatu mchana.

Malipo yangekuwepo bila hata shilingi kutumwa. Muuzaji ameahidi maharage, mama ameahidi 7,200,000; ahadi kwa ahadi inatosha. Tatizo la malipo huja baadaye, mkataba ukishafungwa, pale muuzaji anapopiga simu: "Mama, mambo yamepanda, ongeza 200,000 ndipo nitoe mzigo." Mama mwenye shule zinazosubiri hukubali. Kwa kanuni ya zamani, tangu kesi ya mabaharia ya Stilk na Myrick ya 1809, nyongeza hiyo haidaiwi, kwa sababu muuzaji hajatoa kitu zaidi ya kile alichokwisha kuahidi. Akikubali kuyachambua maharage upya au kuyafikisha Jinja, hapo ametoa kitu kipya na nyongeza inasimama. Mwaka 1989 mahakama ya rufani ya Uingereza ililegeza kanuni hii pale mlipaji anapopata faida halisi na hakushinikizwa, kwa hiyo anayedai nyongeza ana nafasi ya kubishana. Lakini aliyetishia kuuzuia mzigo atapata shida kusema hakushinikiza.

Limebaki suala la nia. Baina ya wafanyabiashara mahakama huanza kwa kuamini kwamba nia ya kufungwa ipo, na anayesema "tulikuwa tunaongea tu" ndiye mwenye kazi ya kuthibitisha. Baina ya mume na mke au ndugu huanza kinyume. Katika kesi ya Balfour ya 1919, mume aliyerudi kazini Sailoni alimwahidi mkewe aliyebaki Uingereza pauni 30 kwa mwezi. Ndoa ilipovunjika mke alidai, akashindwa, kwa kuwa mipango ya nyumbani kwa kawaida haifanywi ili ipelekwe mahakamani.

Ugumu wa Mbale ni kwamba muuzaji na mnunuzi mara nyingi ni mashemeji. Hapo mahakama haitazami moyoni. Inatazama kile mtu wa kawaida angeelewa kutokana na maneno na matendo yao. Gunia 20 kwa bei iliyotajwa, mahali na siku, ni biashara hata kama mnaitana shemeji. Lakini baada ya mito ya Nabuyonga na Namatala kufurika mwishoni mwa Julai 2022, kama jirani alimwambia mwenye duka lililosombwa, "Nitakupa milioni moja uanze tena," hilo ni jambo jingine. Ni ahadi ya huruma: mwenye duka hatoi kitu, na maneno ni ya kufariji. Asikope akitegemea kwamba ataidai mahakamani.

Kuna sharti moja la Uganda ambalo huangusha kesi nzuri. Mkataba wenye thamani ya zaidi ya pointi 25 za fedha, yaani shilingi 500,000, sheria inataka uwe wa maandishi. Habari njema ni kwamba sheria hiyo hiyo inatambua ujumbe wa kielektroniki kuwa maandishi, mradi uwe wa maneno na uweze kurejewa baadaye. Kwa hiyo usitegemee simu ya mdomo wala sauti iliyorekodiwa. Mkishaelewana, andika: "Nimekubali gunia 20, kilo 100 kila moja, 3,600 kwa kilo, jumla 7,200,000, nachukua stoo Alhamisi." Usiongeze "ila" wala "lakini", kila "ila" ni ofa mpya inayosubiri kukubaliwa. Kisha usifute mazungumzo. Deni au hasara isiyozidi shilingi milioni 10 inaweza kupelekwa kwenye utaratibu wa madai madogo mahakamani, na kitu cha kwanza hakimu atakachouliza ni mfuatano wa ujumbe huo, pamoja na saa zake.