Fahamu: Alama za kabla na baada ya mafunzo zipimwe kwa kipimo kipi?

Tuchukue washiriki 8 waliofanya mtihani kabla na baada ya mafunzo. Kinachochunguzwa ni tofauti ya kila mmoja, si alama zenyewe. Tuseme wamepanda kwa 1, 2, 2, 3, 3, 4, 5 na 28.

Kipimo cha t cha jozi hugawa wastani wa tofauti, hapa 6, kwa kosa sanifu lake, 3.17. Tunapata t = 1.89 na p karibu 0.10: ushahidi hautoshi, ingawa wote wamepanda! Ile 28 imeinua wastani, lakini imetanua mtawanyiko zaidi.

Kipimo cha Wilcoxon hupanga tofauti kwa ukubwa na kutumia nafasi zake, hivyo 28 inahesabika kama ya nane tu. Kwa kuwa hakuna aliyeshuka, p ni 2/256, yaani 0.008. Hapa ningetumia Wilcoxon, baada ya kuhakikisha kwamba 28 si kosa la kunakili. Kama tofauti zingekuwa zimetawanyika kwa ulinganifu kuzunguka wastani, bila iliyojitenga, t ingefaa zaidi.

Kwa washiriki 5, hata wote wakipanda, p ya Wilcoxon ya pande mbili haishuki chini ya 0.0625.