Faida ya asilimia 9 inapobaki 1

Mtu akitazama chati yenye mstari wa wastani wa siku 20, kanuni humjia yenyewe: nunua hisa bei inapofunga juu ya mstari, uza inapofunga chini yake. Anachukua bei za miaka kadhaa iliyopita, anaipitisha kanuni hiyo kwenye kompyuta, na faida inayotoka inamfanya ajute kwamba hakuanza zamani. Kabla hajatoa hata shilingi moja, tuukague muamala mmoja tu kati ya yote aliyohesabu. Bei ni za mfano, ila kosa lenyewe hutokea kila siku.

Jumatatu hisa ilifunga kwa shilingi 1,000, chini kidogo ya wastani. Jumanne ikapanda hadi 1,030 na kuuvuka mstari: hiyo ni ishara ya kununua. Wiki kadhaa baadaye ilikuwa imefika 1,090, kisha siku moja ikashuka hadi 1,060 na kufunga chini ya wastani. Hiyo ni ishara ya kuuza. Kompyuta inasema muamala huu ulileta asilimia 9. Zimetoka wapi, ikiwa aliyenunua kwa 1,030 na kuuza kwa 1,060 amepata chini kidogo ya asilimia 3?

Zimetoka kwenye mstari mmoja wa programu. Wengi wanaotumia Python na maktaba ya pandas huandika hivi:

```python
ishara = (bei > bei.rolling(20).mean()).astype(int)
badiliko = bei.pct_change()
faida = ishara * badiliko            # kosa
faida = ishara.shift(1) * badiliko   # afadhali
```

Mstari wa tatu unazidisha ishara ya leo na badiliko la bei la leo hii hii. Lakini ishara ya Jumanne haijulikani mpaka soko la Jumanne lifunge, na kufikia hapo bei imeshapanda kutoka 1,000 hadi 1,030. Programu imempa mwenye kanuni kupanda ambako hakuwemo. Siku ya kuuza inafanya kinyume chake: ishara imeshageuka sifuri, kwa hiyo kushuka kutoka 1,090 hadi 1,060 hakuhesabiwi, ingawa siku hiyo alikuwa bado ameishika hisa. Kila muamala unaongezewa siku nzuri mwanzoni na kupunguziwa siku mbaya mwishoni. Bei huuvuka wastani kwenda juu kwa kupanda, na kwenda chini kwa kushuka, kwa hiyo kosa hili karibu kila mara linampendelea mwenye kanuni.

Mstari wa nne unaisogeza ishara mbele kwa siku moja, na asilimia 9 inakuwa 2.9. Hata hapo bado kuna ukarimu, kwa sababu hesabu inachukulia kwamba ulinunua kwa bei ile ile ya kufunga iliyokupa ishara. Bei hiyo ukishaijua, soko limefungwa. Kwa ukweli zaidi, nunua na uza kwa bei ya kufungua ya siku inayofuata. Tuseme ilifungua kwa 1,038 siku ya kununua na 1,055 siku ya kuuza: zimebaki asilimia 1.6. Kwenye hisa ambazo haziuzwi kila siku tatizo ni kubwa zaidi, maana bei iliyo kwenye jedwali yaweza kuwa ya wiki iliyopita na hakuna aliye tayari kukuuzia kwa bei hiyo.

Uvujaji wa aina hii, wa bei za baadaye kuingia kwenye hesabu ya leo, hauonekani wazi kila mara, ila upo mtego wa kuunasa. Tengeneza bei za kubahatisha kwa kompyuta, zisizo na mwelekeo wowote, kisha uipitishe kanuni yako humo bila gharama. Kwa kuwa hakuna cha kutabiri, wastani wa faida katika majaribio mengi unapaswa kuwa karibu na sifuri. Kanuni ikitajirika hata hapo, mahali fulani inachungulia kesho. Mtego wa pili ni kukata data kwenye tarehe fulani na kuzihesabu ishara upya. Ishara za kabla ya tarehe hiyo zikibadilika, basi kiashiria kilikuwa kinatumia bei za baadaye. Viashiria vinavyochora vilele na mabonde huanguka hapa mara nyingi, kwa sababu kilele hutambulika baada ya bei kushuka, kisha alama yake inarudishwa nyuma hadi siku ya kilele.

Sasa swali lisiloonekana kwenye programu: kwa nini siku 20? Mara nyingi ni kwa sababu 15 ilileta hasara, 25 ikaleta kidogo, na 20 ikashinda. Ukijaribu kanuni 400 zisizo na uwezo wowote, kwa kipimo cha kawaida cha asilimia 5 utegemee karibu 20 zionekane zina maana. Bingwa wa kundi hilo ameikariri historia, hajajifunza soko.

Watafiti wenyewe wamekumbana na jambo hili. Mwaka 1992 William Brock, Josef Lakonishok na Blake LeBaron walichapisha matokeo ya kanuni 26 rahisi, za wastani na za kuvuka viwango vya bei, kwenye fahirisi ya Dow Jones ya Marekani kuanzia 1897 hadi 1986. Siku zilizofuata ishara za kununua zilikuwa bora kuliko zilizofuata ishara za kuuza. Mwaka 1999 Ryan Sullivan, Allan Timmermann na Halbert White walipanua uwanja hadi kanuni karibu 7,850, wakatumia kipimo kinachozingatia kwamba bingwa amechaguliwa kati ya wengi. Kwenye data ya zamani, bingwa bado alisimama. Kwenye miaka 10 iliyofuata, ambayo hakuwa ameiona, ubora ule haukuonekana tena.

Kwa hiyo andika idadi ya matoleo uliyojaribu, hata yale uliyoyafuta kwa aibu. Tenga miaka ya mwisho ya data na uifungue mara moja tu. Ukiifungua, usiporidhika ukarekebisha kanuni na kuifungua tena, miaka hiyo imeshakuwa sehemu ya mafunzo. Watazame pia majirani: ikiwa 20 inafanya vizuri lakini 19 na 21 zinaleta hasara, sioni sababu ya kuiamini 20.

Zimebaki gharama. Chukua robo ya asilimia kwa kila upande, yaani kamisheni pamoja na tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza. Kununua na kuuza kunakula nusu asilimia, na muamala wetu wa 1.6 unabaki na 1.1. Huo ulikuwa muamala mzuri. Wastani wa siku 20 huvukwa mara nyingi, kwa hiyo tuseme kanuni inanunua na kuuza mara 18 kwa mwaka: gharama ni asilimia 9. Ikiwa faida kabla ya gharama ilikuwa 12, mkononi zimebaki 3. Wanaofanya biashara ya fedha za kigeni wakumbuke pia kwamba spredi hupanuka usiku wa manane na wakati wa habari kubwa, na kwamba nafasi inayolala huweza kutozwa riba. Jaribio lenye spredi moja isiyobadilika halioni hayo.

Linganisha hizo 3 na za mtu aliyenunua hisa hiyo hiyo siku ya kwanza akatulia nayo. Ikiwa yeye alipata asilimia 8 kwa mwaka, mimi kanuni hii naiacha.