Kilele cha Wepesi wa Kuathirika na Akiba Mbili za Mtambo Unaojidhibiti

Mtambo unaojidhibiti hupima matokeo ya kazi yake, ukayalinganisha na yale yaliyotakiwa, kisha ukajisahihisha kwa kadiri ya tofauti iliyoonekana. Mzunguko huu wa mrejesho una faida kubwa, lakini pia una hatari yake: sahihisho likichelewa mno huja wakati halihitajiki tena, na badala ya kupunguza kosa huliongeza. Ndiyo sababu wahandisi hawatosheki na kujua kwamba mtambo umetulia leo. Huuliza pia ni mabadiliko ya kiasi gani yatakayouondolea utulivu huo.

Jibu la desturi hutolewa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni akiba ya ukuzaji, yaani mara ngapi nguvu ya sahihisho inaweza kuzidishwa kabla ya mtambo kuanza kuyumba bila kikomo. Cha pili ni akiba ya awamu, yaani wimbi la sahihisho linaweza kucheleweshwa kwa digrii ngapi zaidi kabla ya jambo hilo hilo kutokea. Vipimo hivi vina asili katika kazi ya Harry Nyquist ya mwaka 1932 na ile ya Hendrik Bode, ambaye kitabu chake juu ya vikuzaji vya mrejesho kilitoka mwaka 1945. Ni vipimo vyema, ila vina kasoro moja: kila kimoja hudhani kwamba kile kingine hakibadiliki.

Ili kasoro hiyo ionekane, yafaa kuutazama mchoro wa Nyquist wenyewe. Mzunguko wa mrejesho ukikatwa mahali pamoja na kupitishiwa wimbi, wimbi hilo hurudi likiwa limekuzwa au kupunguzwa, na pia limecheleweshwa. Mambo hayo mawili huandikwa kwa nambari changamano moja, L, ambayo hubadilika kadiri marudio ya wimbi yanavyobadilika na hivyo kuchora mstari katika bapa. Nukta ya hatari ni −1. Mstari ukipita hapo, wimbi hurudi na ukubwa ule ule likiwa limegeuzwa kinyume, na mtambo hujiyumbisha wenyewe bila kusukumwa. Akiba ya ukuzaji hupima umbali wa kuifikia nukta hiyo kwa njia moja tu, ile ya mhimili ulionyooka. Akiba ya awamu huupima kwa njia nyingine, ile ya duara lenye nusu kipenyo 1. Mstari waweza kuwa mbali na nukta katika njia zote mbili, kumbe umeisogelea sana mahali palipo kati yake.

Umbali halisi kutoka nukta ya mstari hadi −1 ni ukubwa wa 1 + L. Kinyume chake, S = 1/(1 + L), ndicho kipimo cha wepesi wa kuathirika. (Wapo wangeliita jambo hili hisia, lakini mtambo hauhisi kitu; huathirika tu.) Jina hili linastahili, kwa kuwa sehemu ya mtambo ikibadilika kwa asilimia moja, matokeo ya mzunguko mzima hubadilika kwa asilimia S. Zaidi ya hayo, S huonyesha msukosuko wa nje unapunguzwa au unakuzwa mara ngapi na mrejesho. Thamani kubwa kuliko zote ya S, katika marudio yote, ndiyo kilele chake, nayo huandikwa Ms. Basi umbali mfupi kuliko wote kati ya mstari na nukta ya hatari ni 1/Ms.

Kutokana na umbali huo, akiba zote mbili zapatikana kwa jiometri ya shule ya sekondari. Ikiwa mstari unaukata mhimili kwenye −1/g, ambapo g ni akiba ya ukuzaji, umbali wa kufika −1 ni 1 − 1/g, nao hauwezi kupungua chini ya 1/Ms. Kwa hiyo g haipungui Ms/(Ms − 1). Vivyo hivyo, ikiwa mstari unalikata duara mahali palipo na akiba ya awamu ya pembe p, umbali ulionyooka hadi −1 ni 2 sin(p/2). Kwa hiyo p haipungui mara mbili ya pembe ambayo sine yake ni 1/(2Ms). Ms ikiwa 2, akiba ya ukuzaji ni 2 au zaidi, na ya awamu ni digrii 29 au zaidi. Ms ikiteremka hadi 1.4, dhamana hizo hupanda hadi 3.5 na digrii 41 na ushei.

Dhamana hii huenda upande mmoja tu. Ms ndogo huleta akiba nzuri. Akiba nzuri hazileti Ms ndogo. Na uchukuliwe mtambo wenye sehemu inayonyumbuka, ambayo ikiguswa hutikisika muda mrefu kabla ya kutulia:

```
L(s) = 0.5 (s² + 0.15 s + 1.05) / [ s (s + 1) (s² + 0.06 s + 1) ]
```

Mstari wake unalikata duara mara moja tu, penye marudio ya radiani 0.48 kwa sekunde, na akiba ya awamu hapo ni digrii 67. Awamu haifiki kamwe digrii 180, kwa hiyo akiba ya ukuzaji haina mwisho. Mkaguzi anayetazama vipimo hivyo viwili peke yake atatia sahihi bila wasiwasi. Angehesabu pia kwamba mtambo wastahimili ucheleweshaji wa sekunde 2.4, na hesabu yake ingekuwa sahihi.

Lakini penye radiani 1.014 kwa sekunde, pale mtikisiko wa sehemu ile unapopamba moto, L ina ukubwa wa 0.79 na awamu ya digrii −168. Umbali hadi nukta ya hatari ni 0.27 tu, na Ms ni 3.6 hivi. Ukuzaji ukiongezwa kwa asilimia 26, mtambo hubaki umetulia, ila akiba ya awamu huporomoka kutoka digrii 67 hadi chini ya 12. Ukiongezwa ucheleweshaji wa sekunde 0.2 peke yake, vilevile hakuna linaloharibika. Yakitokea yote mawili kwa pamoja, mstari wapita juu ya −1. Na hata kabla ya hapo, msukosuko wowote unaojirudia kila baada ya sekunde 6.2 hukuzwa mara 3.6 na mrejesho ule ule uliowekwa ili kuupunguza. Ms ya 3.6 ingeahidi akiba ya ukuzaji ya 1.4 hivi na ya awamu ya digrii 16 tu. Ahadi nyonge, lakini yenye kusema kweli kuhusu mtambo huu.

Kilele hiki chaweza kupimwa mtamboni pasipo kuijua L. Amri ya mtambo huyumbishwa kidogo kwa wimbi, marudio yakabadilishwa hatua kwa hatua, na kila mara ukubwa wa wimbi la kosa hugawanywa kwa ukubwa wa wimbi la amri. Mgawo mkubwa kuliko yote ndio Ms. Hatua zikiwa pana mno, kilele chembamba kama cha mfano huu hurukwa. Anayekokotoa kwa karatasi ana tahadhari nyingine: 1/(1 + L) hutoa kilele cha wastani hata kwa mtambo ambao mstari wake umekwisha kuizunguka −1 na kupoteza utulivu. Utulivu huthibitishwa kwanza, ndipo Ms isomwe.