Tanzania: Zawadi ya imamu, mchango wa tajiri na wa mvuvi

Katika misikiti mingi ya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, imamu hana mshahara wa kudumu. Huswalisha, hufundisha watoto madrasa, huozesha na huzika, na riziki yake huitafuta kwenye shamba, duka dogo au ada ndogo ya wanafunzi. Ndiyo maana waumini hujikusanya mara kwa mara ili kumpa zawadi ya pamoja, aghalabu baada ya Ramadhani, anapoanza safari ya Hija, au anapotimiza miaka mingi ya utumishi. Nia huwa njema. Tatizo huzuka pale safu moja ya swala inapokuwa na mwenye malori ya mizigo, mwalimu wa serikali, muuza mawese na mvuvi wa dagaa, na wote wakatakiwa kuchangia kitu kimoja.

Tuchukue mfano wa kukadiria, wa msikiti wenye waumini 120 katika mtaa wa Ujiji. Kamati ya msikiti imeazimia kumnunulia imamu pikipiki ya shilingi milioni 3 za Tanzania, kwani hufundisha madrasa mbili zilizo mbali. Njia inayokuja akilini haraka ni kugawanya sawasawa, yaani kila mmoja atoe shilingi 25,000. Kwenye daftari hesabu hiyo inaonekana ya haki. Kwa mwenye lori, fedha hizo ni gharama ya chakula cha mchana na wageni wawili. Kwa mvuvi ambaye siku njema humwachia shilingi 8,000, ni kazi ya siku tatu na zaidi, bila kula. Usawa wa kiasi, kwa hiyo, haukuwa usawa wa mzigo.

Kuna jambo jingine ambalo daftari halilioni. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi unapokuwa mpevu taa hazivuti samaki. Siku za mbalamwezi wavuvi wengi hubaki nchi kavu bila kipato. Mwaka 2024 serikali ya Tanzania ilisimamisha pia uvuvi katika ziwa hilo kwa miezi 3, kuanzia Mei hadi Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Kamati inayotangaza mchango Ijumaa hii na kutaka fedha Ijumaa ijayo huweza kumkuta mvuvi katika wiki asiyo na kitu. Akipewa mwezi mzima wa kiislamu, atapitia siku za giza na siku za mbalamwezi, naye atachagua mwenyewe siku ya kutoa.

Dalili kwamba kiwango kimewalemea watu haionekani kwenye malalamiko, kwa kuwa ni wachache watakaosimama msikitini na kusema hawana. Huonekana kwenye nafasi zilizo wazi katika safu. Mtu aliyezoea kuswali Isha msikitini huanza kuswali nyumbani, au hujitoa kimya kimya kwenye kundi la simu ambamo orodha ya waliotoa na wasiotoa hubandikwa kila jioni. Mweka hazina anayeona jambo hilo katika wiki ya pili bado ana muda wa kurekebisha. Akingoja mpaka pikipiki inunuliwe, zawadi itakuwa imemfurahisha imamu na kumpunguzia waumini.

Baadhi ya kamati hukwepa tatizo hilo kwa kumwendea tajiri mmoja na kumwomba alipe yote. Wanyonge hupumzika, lakini zawadi hubadilika sura. Haiwi tena ya waumini, na imamu anayeipanda kila asubuhi anajua ni ya nani. Siku atakapotaka kuzungumzia katika hotuba ya Ijumaa wanaopunja mizani au wanaochelewesha ujira wa vibarua, ulimi wake utakuwa mzito.

Hofu hiyo haiko misikitini pekee. Nchini Kenya, mnamo Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, alitangaza kwamba fedha alizotoa Rais William Ruto katika parokia ya Soweto zingerejeshwa. Miongoni mwake zilikuwamo shilingi milioni 2 za Kenya kwa ajili ya nyumba ya mapadri. Hoja ya kanisa ilikuwa kwamba lazima lijiepushe na michango inayoweza kutia doa uhuru wake mbele ya wanasiasa.

Katika Uislamu, suala la zawadi anayopewa mtu kwa sababu ya wadhifa wake lina msingi wa zamani. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aitwaye Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka. Aliporejea alitenga sehemu moja kuwa ya zaka na nyingine akasema amezawadiwa yeye. Mtume, rehema na amani zimfikie, alikasirika, akauliza iwapo mtu huyo angeletewa zawadi hizo kama angekaa nyumbani kwa wazazi wake. Imamu wa mtaa si mkusanya zaka, na kumkirimu mwalimu ni jambo jema. Hata hivyo swali lile husaidia kupima zawadi, kwani linamtaka mtu ajiulize kama mtoaji anamshukuru imamu kwa alilokwisha kufanya au anataraji jambo la mbele.

Tukirudi Ujiji, kamati inaweza kutenganisha mambo mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa, yaani kukusanya na kuchagua kitu cha kununua. Inakusanya kwanza bila kutaja bei ya pikipiki. Inatangaza kwamba kila mtu atoe kadiri ya uwezo wake ndani ya mwezi mmoja, na kwamba hakuna atakayepokewa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kiasi kinachokusudiwa, yaani shilingi 300,000. Kikomo cha juu ndicho kinachosahauliwa mara nyingi, ingawa ndicho kinachozuia zawadi isigeuke mali ya mtu mmoja. Kiwango cha chini hakitajwi kabisa.

Fedha hupokewa kwa bahasha au kwa simu na mweka hazina akiwa na shahidi mmoja. Daftari lenye viasi hubaki kwa hao wawili. Msikitini husomwa jumla tu, na kadi ya zawadi huandikwa kuwa imetoka kwa waumini wote, bila majina yenye tarakimu. Katika Sura ya Pili, aya ya 271, Qurani inaieleza sadaka ya dhahiri kuwa njema na ile inayofichwa na kupewa mafakiri kuwa bora zaidi. Aya ya 264 ya sura hiyo hiyo inaonya kwamba masimango na maudhi hubatilisha sadaka. Orodha inayosomwa kwa kipaza sauti humfungulia tajiri mlango wa kujionyesha na humfungia maskini mlango wa heshima.

Sasa tuone hesabu inavyoweza kutoka. Wafanyabiashara 10 wametoa shilingi 100,000 kila mmoja, sawa na milioni 1. Watumishi na wenye maduka 30 wametoa 40,000 kila mmoja, sawa na milioni 1 na laki 2. Wakulima, wavuvi na wachuuzi 60 wametoa 10,000 kila mmoja, nazo ni laki 6. Waliobaki 20, wengi wao wajane na vijana wasio na kazi, wametoa 2,000 kila mmoja, jumla 40,000. Zote pamoja ni shilingi 2,840,000. Zimepungua 160,000 kufikia bei ya pikipiki ile.

Hapo ndipo kishawishi hujitokeza, maana kisanduku cha zaka kiko karibu. Zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tisa, aya ya 60, na cheo cha uimamu hakimo kati yao. Imamu akiwa fakiri au mwenye deni lililomshinda anaweza kupewa kwa sababu ya hali hiyo, lakini zaka hiyo haichanganywi na zawadi ya heshima. Kodi ya nyumba au duka la wakfu nayo hutumika kwa lengo aliloliweka mwenye kuweka wakfu. Njia zilizo salama ni mbili. Kamati inaweza kutafuta pikipiki ya bei nafuu inayolingana na kilichopatikana, au kuongeza wiki mbili kwa wale ambao hawajafikia kikomo na wanaopenda kuongeza, bila kumrudia aliyetoa 2,000.

Yule wa 2,000 asionekane kuwa amebebwa na wenzake. Katika Sunan ya Nasai kuna hadithi inayoeleza kwamba dirhamu moja iliishinda laki moja ya dirhamu, kwa sababu aliyeitoa alikuwa na dirhamu mbili tu, na mwenzake alichota kutoka katika mali nyingi. Kwa kipimo hicho, mjane aliyetoa nusu ya alichokuwa nacho huenda ametangulia mbele ya mwenye malori.

Jambo la mwisho ni umiliki, na hili huleta ugomvi hata pale mchango ulipokwenda vizuri. Pikipiki ni ya imamu mwenyewe au ya msikiti? Ikiwa ni hiba, yaani zawadi yake binafsi, atakuwa huru kuiuza, na akifariki itaingia katika mirathi ya watoto wake. Ikiwa ni wakfu wa msikiti, haiuzwi wala hairithiwi, na akiondoka ataiacha kwa imamu ajaye. Yote mawili yanajuzu, lakini watoaji lazima waambiwe kabla ya kutoa, kwani huenda mtu aliyetoa 40,000 kwa ajili ya mwalimu wake asingetoa kwa ajili ya chombo cha msikiti, au kinyume chake.

Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, hiba haikamiliki kwa tamko peke yake. Hukamilika mpokeaji anapokabidhiwa kitu kwa idhini ya mtoaji. Kumpa imamu ufunguo mbele ya watu huku kadi ya pikipiki ikibaki na jina la mweka hazina ni kuacha mlango wa kesi. Mweka hazina akifariki, warithi wake watashika karatasi yenye jina la baba yao, na imamu hatakuwa na hati yoyote mkononi. Kwa hiyo gharama ya kubadilisha jina kwenye kadi huhesabiwa tangu mwanzo kuwa sehemu ya zawadi, na kamati huandika karatasi fupi yenye sahihi za mashahidi wawili ikieleza kama chombo ni hiba au wakfu. Nakala moja hupewa imamu, nyingine hubaki katika jalada la msikiti.