Kuhamisha kazi kutoka kwenye jedwali bila kupoteza hata moja

Mstari wa 118 umepakwa rangi ya njano. Safu ya hali inasema "bado", na safu ya mhusika imeandikwa "stoo". Ukimuuliza yeyote katika ile timu, atakujibu papo hapo: njano maana yake kazi inasubiri spea, na "stoo" ni yule dada anayeagiza vifaa. Ila jedwali lenyewe halijui lolote kati ya hayo. Ukiligeuza liwe faili la kuingiza kwenye jukwaa la kazi, njano inafutika, na "stoo" haina akaunti popote. Kazi inabaki "bado", haina mtu wala sababu.

Mstari huo ni wa mfano, na nimeuchukua kwa timu ya watu sita wanaofunga na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua Arusha. Wana lahajedwali moja lenye mistari 412 na safu saba: namba, kazi, mhusika, tarehe, hali, simu ya mteja na maelezo. Wameamua kuhamia Asana. Wangechagua jukwaa lingine, sehemu kubwa ya yafuatayo isingebadilika, kwa sababu shughuli ngumu hufanyika ndani ya jedwali kabla jukwaa halijafunguliwa.

Cha kwanza kufanywa ni kuipa kila kazi namba yake ya kudumu. Watu huiruka hatua hii kwa kuwa Excel tayari inaonyesha namba za mistari pembeni. Namba hizo ni za nafasi tu. Ukipanga upya kwa tarehe au ukifuta mistari miwili, iliyokuwa 118 inakuwa 116. Kwa hiyo timu yetu inaongeza safu mpya na kuandika JED-2, JED-3, na kuendelea hadi JED-413, ikiwa maandishi ya kawaida na si fomula. Namba hiyo itasafiri na kazi hadi ndani ya jukwaa. Mteja akipiga simu mwezi ujao kuulizia jambo la zamani, ndiyo itakayomrudisha fundi kwenye mstari wa asili.

Kisha kuna swali la nini kihame. Mimi sioni faida ya kuhamisha kazi zilizokwisha. Zinajaza jukwaa jipya vitu ambavyo hakuna atakayevifungua, na kosa lolote la uhamisho linajificha katikati yake. Katika mistari 412, 331 imekamilika na itabaki ilipo. Zinabaki 81, na hizo zisomwe moja baada ya nyingine, watu wawili wakiwa mezani. Tisa zinaonekana zimekufa: mteja alihama, au alikwisha kumpata fundi mwingine. Zinaandikwa "imefutwa" palepale kwenye jedwali, pamoja na sababu. Kati ya 72 zilizobaki, mistari mitatu imebeba kazi mbili kila mmoja, kama "funga betri Sakina na peleka ankara". Fundi anaweza kufunga betri leo na ankara ikakaa wiki mbili, hivyo mstari wa aina hiyo unagawanywa. Hesabu ya mwisho ni kazi 75. Iandikwe mahali, tutaihitaji.

Sasa tuje kwenye kuoanisha safu, yaani kuamua kila safu ya zamani itaingia katika sehemu gani ya jukwaa. Safu ya kazi haina taabu, inakuwa jina la kazi. Ya mhusika ndiyo inayoumbua. Ukitaka kujua ina nini hasa, andika pembeni, kwenye safu tupu:

```
=UNIQUE(C2:C413)
```

Fomula hii, inayofanya kazi kwenye Google Sheets na matoleo mapya ya Excel, inakupa kila jina lililotumika. Timu ya watu sita inaweza kukuta majina kumi na saba: "fundi mkuu", "F/Mkuu", "stoo", "Stoo" yenye nafasi tupu mwishoni, "mkuu+stoo", na visanduku visivyo na kitu. Asana humtambua mhusika kwa baruapepe ya akaunti yake, si kwa jina la utani, na kila kazi ina mhusika mmoja tu. Kwa hiyo kila jina linapewa baruapepe moja, na kila penye wawili lazima mmoja achaguliwe. Zoezi hili huleta ubishi, na ni ubishi wenye manufaa: "mkuu+stoo" mara nyingi ni kazi ambayo kila mmoja alidhani mwenzake anaishughulikia.

Safu ya tarehe ina mtego wa namna nyingine. Kwanza, ni tarehe ya nini? Kwenye jedwali hili, mistari ya juu inaonyesha siku mteja alipopiga simu. Ile ya chini, iliyoandikwa baada ya karani mpya kuajiriwa, inaonyesha siku aliyoahidiwa mteja. Zote zikiingia kwenye tarehe ya mwisho ya kazi, nusu ya orodha itakuwa uongo. Zitenganishwe katika safu mbili.

Pili, 03/04/2025 ni tarehe 3 Aprili kwetu, lakini kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Kimarekani huisoma 4 Machi. Ubaya wake ni kwamba kosa hili halipigi kelele. Tarehe 25/04 itakataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25, nawe utaiona. Zile za siku ya 1 hadi ya 12 zinageuzwa kimyakimya na kuonekana sahihi kabisa. Dawa ni kuziandika zote kwa kuanza na mwaka:

```
=TEXT(D2,"yyyy-mm-dd")
```

Fomula ikirudisha 25/04/2025 ileile bila kubadilika, basi kisanduku hicho hakikuwa na tarehe bali maandishi yanayofanana na tarehe, na majirani zake nao wakaguliwe.

Safu ya simu huonekana nyepesi hadi siku unapotaka kumpigia mteja. Namba inayoanza na sifuri, Excel ikiihesabu kuwa tarakimu, inapoteza sifuri yake. Inayoanza na 255 ina tarakimu 12, na Excel huionyesha kwa mkato, mfano 2.55712E+11. Ukihifadhi faili la CSV katika hali hiyo, kinachoandikwa ni kile kinachoonekana, na tarakimu za mwisho hazirudi tena. Safu nzima ifanywe maandishi, na kwenye jukwaa ielekezwe kwenye sehemu ya maandishi, si ya namba.

Rangi zote lazima zigeuzwe kuwa maneno, kwa sababu CSV haibebi rangi. Chuja kwa rangi ya njano, kisha kwenye safu mpya ya "Sababu" andika "Spea" kwenye mistari yote iliyobaki mbele yako. Hali nazo zipunguzwe. "Bado", "haijaanza", "pending" na "tutaona" zote zinaweza kuwa "Haijaanza". Tatu zinatosha: Haijaanza, Inaendelea, Inasubiri. Safu ya maelezo, yenye historia ndefu ya nani alimpigia nani, iingie nzima kama ilivyo. Nimeona watu wakijaribu kuipasua vipandevipande wakapoteza siku nzima bila faida.

Mstari wa 118 sasa unasomeka hivi:

```
Namba,Kazi,Mhusika,Tarehe ya mwisho,Hali,Sababu
JED-118,Badilisha inveta Njiro,stoo@example.com,2025-04-03,Inasubiri,Spea
```

Faili likishahifadhiwa, usilifungue tena kwa Excel ili "kuangalia tu", kwani ikilisoma upya itageuza tarehe na simu kwa namna yake, na ukibonyeza kuhifadhi umerudi ulikotoka. Lifungue kwa Notepad.

Majaribio yafanyike kwenye mradi wa kutupa, kwa mistari mitano au sita, na isiwe sita ya kwanza. Chagua iliyo mibaya: wenye alama ya mkato ndani ya maelezo, wenye maelezo ya aya mbili katika kisanduku kimoja, wenye tarehe ya chini ya 12, wenye simu ya 255, uliokuwa wa njano, na uliokuwa na wahusika wawili. Ikipita hiyo, mingine itapita. Mradi wa majaribio ufutwe kabla ya kazi halisi kuingizwa, kwa sababu ukiingiza faili lilelile mara mbili jukwaa halitambui kuwa ni kazi zilezile. Linatengeneza nyingine mpya, nawe unakuwa na 150 badala ya 75.

Kabla ya kuingiza zote, litazamwe suala la kazi zilizochelewa. Tuseme 40 kati ya 75 zimepita tarehe. Zikiingia hivyo, Jumatatu asubuhi kila mtu atakuta orodha nyekundu tupu, na baada ya wiki moja hakuna atakayejali wekundu. Ni heri kila kazi ipewe tarehe mpya inayowezekana, na ile ya zamani ihifadhiwe katika sehemu yake yenye jina "Tarehe ya ahadi". Hapo ucheleweshaji haufichwi, lakini tarehe ya mwisho inabaki na maana.

Siku yenyewe, tuseme Jumamosi jioni, jedwali lifungwe lisihaririwe na yeyote. Sehemu hii haina mjadala. Mtu mmoja akiongeza mstari saa moja baada ya faili kutolewa, kazi hiyo haiko kwenye jukwaa na hakuna atakayejua. Mtu mmoja, na mmoja tu, aingize faili. Kisha zihesabiwe kama magunia yanavyohesabiwa yakipakiwa na yakishushwa: 75 kwa jumla, halafu kwa kila mhusika, halafu kwa kila hali. Jumla peke yake hudanganya, kwani kazi moja ikikosekana na nyingine ikijirudia, bado ni 75. Mwisho, kila fundi afungue kazi zake mwenyewe na kuzilinganisha na jedwali. Atakayesema "hii si yangu" ndiye mkaguzi bora kuliko hesabu zote.

Jedwali la zamani lisifutwe. Libaki la kusomwa tu, na mstari wake wa kwanza uandikwe kwa herufi kubwa kwamba limefungwa tarehe fulani na kazi ziko wapi sasa. Timu zinazoacha vyote viwili wazi "kwa muda" hujikuta baada ya mwezi zina orodha mbili zinazopingana, na hapo heri wangebaki na moja.

Na kama kazi zako zisizokamilika hazizidi ishirini hivi, achana na faili la CSV kabisa. Ziandike kwa mkono kwenye jukwaa, mhusika wa kila kazi akiwa amekaa pembeni yako. Itakuchukua muda mfupi kuliko kuhangaika na safu ya simu.