Kikohozi cha wiki mbili: kwa nini aliyepimwa kifua kikuu si wa kuogopwa

Katika vilima vya tarafa ya Kanzenze, wilayani Rubavu, kikohozi hakimshangazi mtu. Usiku ni wa baridi, milango na madirisha hufungwa mapema, na moshi wa kuni hujaa jikoni. Mtu anapokohoa kwa mwezi mzima, majirani husema kuwa amepigwa na baridi, naye hukubaliana nao na kurudi shambani kwenye viazi vyake. Hata hivyo, kikohozi kinachodumu kwa wiki mbili au zaidi ndicho alama ambayo wahudumu wa afya nchini Rwanda huitumia kuamua kwamba mtu apimwe kifua kikuu, yaani TB, ugonjwa ambao kwa Kinyarwanda huitwa igituntu.

Kipimo cha makohozi na dawa za ugonjwa huu hutolewa bila malipo. Mara nyingi, kinachomzuia mtu kwenda kupimwa ni hofu ya kutengwa. Hofu hiyo, ukiichunguza kwa makini, humwangukia mtu asiyestahili.

Kwa nini wiki mbili?

Vikohozi vingi vinavyotokana na mafua hupungua vyenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kifua kikuu hakifuati mwendo huo, kwa sababu bakteria wake hukua polepole mno. Wakati bakteria wengi wa kawaida huweza kugawanyika na kuwa wawili ndani ya nusu saa, yule wa kifua kikuu huhitaji saa 15 hadi 20. Kwa hiyo mgonjwa hana siku moja anayoweza kuitaja kuwa ndiyo aliyougua. Hali yake hubadilika kidogo kidogo: homa ndogo za jioni, jasho la usiku linalolowesha nguo, kukosa hamu ya chakula, na mwili unaopungua bila sababu. Wengine huhisi maumivu ya kifua au hukohoa damu, lakini damu si sharti. Wapo wagonjwa wengi ambao hawajawahi kuiona.

Kuna watu ambao hawapaswi kusubiri wiki mbili. Anayeishi na virusi vya UKIMWI anatakiwa kupimwa mara tu anapoanza kukohoa, kwa kuwa kinga ya mwili wake ni dhaifu. Kwa mtoto mdogo, kikohozi chaweza kuwa chepesi, na ishara kubwa ikawa ni kutoongezeka uzito.

Kutoka kikohozi hadi kipimo

Tuchukue mfano wa mkulima wa viazi mwenye umri wa miaka 40, anayeishi na mkewe na watoto wawili, mdogo wao akiwa na miaka mitatu. Katika wiki ya pili ya kikohozi ananunua dawa ya maji. Katika wiki ya nne anapata duka la dawa linalomuuzia vidonge vya kuua bakteria. Anajisikia nafuu kwa siku chache, kisha kikohozi kinarudi. Hapa pana hatari ambayo haionekani kwa urahisi: baadhi ya dawa hizo huwadhoofisha bakteria wa kifua kikuu bila kuwamaliza, hivyo huchelewesha ugonjwa kutambuliwa. Kufikia wiki ya sita, mkanda wa suruali yake umerudi nyuma matundu mawili.

Katika kijiji chake wapo wahudumu wa afya ya jamii, ambao wakazi huwaita abajyanama b'ubuzima. Mmoja wao anaweza kumpeleka kwenye kituo cha afya, ambako atapewa kikopo cha kuwekea makohozi.

Namna ya kutoa makohozi hayo ina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mate ya mdomoni, yaliyo mepesi na yenye povu, hayana faida maabara. Sampuli nzuri hupatikana asubuhi, kabla ya kula. Mgonjwa husukutua mdomo kwa maji safi, husimama nje au mahali penye hewa nyingi, huvuta pumzi kwa kina mara mbili au tatu, kisha hukohoa kwa nguvu kutoka ndani kabisa ya kifua. Kinachotakiwa ni makohozi mazito yanayofikia takriban kijiko kimoja cha chai. Kikopo hufungwa vizuri na kupelekwa mapema.

Zamani maabara zilitegemea darubini peke yake, na ili mtaalamu awaone bakteria, ilibidi wawepo maelfu katika kila mililita ya makohozi. Mgonjwa aliyekuwa na wachache aliambiwa kuwa hana ugonjwa. Siku hizi hutumika mashine inayotafuta vinasaba vya bakteria. Mashine hiyo huhitaji bakteria wachache zaidi, hukamilisha kazi kwa muda usiozidi saa mbili, na papo hapo huonyesha kama bakteria hao wamekuwa sugu kwa rifampisini, iliyo mhimili wa tiba. Jibu laweza kuchelewa kidogo kwa sababu sampuli inasafirishwa hadi mahali mashine ilipo.

Jibu la kwamba hakuna bakteria halimalizi mambo ikiwa dalili zinaendelea. Sampuli yaweza kuwa ilikuwa mate, au ugonjwa waweza kuwa umejificha nje ya mapafu, kama kwenye tezi au uti wa mgongo. Anayeendelea kukohoa au kukonda anapaswa kurudi kituoni ili apimwe tena au apigwe picha ya kifua.

Hofu iliyokosea njia

Mkulima wa mfano wetu anaambiwa ana kifua kikuu. Anaporudi nyumbani, familia inamtengea sahani, kikombe na blanketi. Jirani anaacha kuketi naye kwenye benchi. Wote wanadhani wanajikinga.

Kifua kikuu cha mapafu hakiambukizwi kwa sahani, wala nguo, wala kupeana mkono. Huenea kwa hewa. Mgonjwa anapokohoa, kuzungumza au kuimba, chembe ndogo zenye bakteria hutoka mdomoni na kuelea. Katika chumba kilichofungwa huweza kukaa hewani kwa saa kadhaa, lakini nje, palipo na upepo na jua, hutawanyika na kufa upesi. Anayeambukizwa kwa kawaida ni yule anayelala au kufanya kazi kwa muda mrefu katika hewa ileile na mgonjwa, wala si aliyepishana naye sokoni.

Ni hapa ndipo mpangilio wa wakati unapodhihirisha kosa. Kwa wiki sita, kabla hajapimwa, mkulima huyu alilala na familia yake katika chumba kilichofungwa, na hakuna aliyemwogopa. Hizo ndizo wiki zilizokuwa za hatari. Baada ya kuanza dawa zinazomfaa na kuzimeza kila siku, uwezo wake wa kuambukiza unashuka sana, mara nyingi ndani ya wiki mbili hivi. Sahani ilitengwa wakati hatari ilipokuwa imeanza kuondoka. Katika siku hizo za mwanzo, kinachosaidia ni kulala chumba cha peke yake pale inapowezekana, kufungua madirisha, na kufunika mdomo kwa kitambaa au barakoa wakati wa kukohoa.

Kuna dhana nyingine zinazowafanya watu wajifiche. Ya kwanza ni kwamba kila mwenye TB ana virusi vya UKIMWI. Ni kweli kwamba virusi hivyo huongeza uwezekano wa kuugua, na ndiyo maana mgonjwa hushauriwa apime vyote viwili, lakini wagonjwa wengi wa TB nchini Rwanda hawana virusi hivyo. Ya pili ni kwamba ugonjwa huu hurithiwa au hutokana na sumu aliyotegewa mtu. Unapoonekana kwa baba na kisha kwa mwana, sababu ni kwamba walivuta hewa moja.

Miezi sita ya dawa

Kwa kifua kikuu cha kawaida kisicho sugu, mtu mzima humeza dawa nne kwa miezi miwili ya kwanza, nazo ni rifampisini, isoniazidi, pirazinamaidi na ethambutoli. Kwa miezi minne inayofuata hubaki mbili, rifampisini na isoniazidi. Dawa hizo huunganishwa katika kidonge kimoja, na idadi ya vidonge hutegemea uzito wa mgonjwa. Zamani tiba ilichukua hadi miezi 18. Majaribio yaliyoanza mwaka 1970 katika hospitali za Afrika Mashariki ndiyo yaliyoonyesha kuwa miezi sita yaweza kutosha, mradi rifampisini iwemo.

Mkojo utageuka kuwa wa rangi ya chungwa. Hiyo ni rangi ya rifampisini, na si dalili ya madhara. Lakini macho yakiwa ya manjano, uwezo wa kuona ukififia, kutapika kusipokoma, au miguu ikifa ganzi, mgonjwa arudi kituoni siku hiyohiyo.

Mtihani mkubwa huja mwishoni mwa mwezi wa pili. Kikohozi kimeisha, uzito umerudi, na msimu wa kazi umefika. Mkulima anajiona mzima, na ni kweli kwamba bakteria wengi wamekufa. Waliobaki ni wachache waliolala usingizi, na ndio ambao miezi minne ya mwisho imewekwa kwa ajili yao. Akiacha, huenda wakaamka, na baadhi yao wakawa sugu kwa dawa alizozitumia. Hapo tiba huwa nzito zaidi kwake, na yeyote atakayemwambukiza huanza na ugonjwa huo sugu. Kwa sababu hiyo mhudumu wa afya kijijini humsimamia anapomeza dawa, na makohozi hupimwa tena tiba ikiendelea.

Rubavu ni wilaya ya mpakani, na wengi huvuka kwenda Goma kwa biashara au kwa ndugu. Anayetarajia kusafiri kwa muda mrefu aeleze kituoni mapema, ili apewe dawa za safari au barua ya uhamisho itakayomwezesha kuendelea na tiba aendako.

Linabaki suala la wale waliolala katika chumba kile. Mke na watoto wa mkulima wanapaswa kuchunguzwa hata kama hawakohoi. Mtoto wa miaka mitatu akionekana hana ugonjwa, hupewa dawa za kinga, kwa kuwa kifua kikuu kwa watoto wa umri huo huweza kufika haraka kwenye ubongo. Dawa hiyo ya kinga haiwezi kutolewa kwa mtoto ambaye baba yake anaficha kikohozi chake. Baba akitaja ugonjwa wake mapema, kituo cha afya hujua ni nani mwingine wa kumwita.